Kupunguza chenga katika picha za ndani zinazopata mwanga wa dirishani pekee: mwongozo kamili wa Cycles

Chumba kinachopata mwanga wake wote kupitia dirisha ni miongoni mwa kazi ngumu zaidi unazoweza kuipa Cycles, injini ya kurenda ya Blender, na watu wengi wakikutana na chenga hukimbilia kuongeza sampuli. Sampuli husaidia, lakini bei yake ni kubwa: ili chenga zipungue kwa nusu, sampuli lazima ziongezwe mara 4. Picha iliyorendwa kwa sampuli 1,000 itahitaji 4,000, na ukitaka kupunguza nusu nyingine utahitaji 16,000. Kwa hiyo, kabla ya kuigusa namba hiyo, inafaa kujua ni kwa nini chenga zimetokea, kwa kuwa mara nyingi chanzo chake kinaweza kuondolewa bila kuongeza sampuli hata moja.

Cycles hurusha miale kutoka kwenye kamera. Mwale unapogonga ukuta, programu hufanya mambo mawili pale ulipogonga. Kwanza hurusha mwale wa kivuli kuelekea chanzo cha mwanga ili kujua kama nukta ile inakiona. Kisha huuacha mwale wenyewe udunde na kwenda kugonga kitu kingine. Nje ya nyumba, mwale wa kivuli ukielekezwa angani mara nyingi hufika. Ndani ya chumba karibu yote huishia kwenye kuta na dari. Chukua chumba tutakachokitumia katika mwongozo huu: upana mita 4, kina mita 3, na dirisha moja la mita 1.4 kwa 1.2. Nukta iliyo kwenye ukuta wa nyuma, ikilitazama dirisha moja kwa moja, huliona kama takriban asilimia 3 tu ya nusu-tufe iliyo mbele yake. Miale ikitawanywa sawasawa upande ule, kati ya 100 ni kama 3 inayotoka nje. Pikseli iliyobahatika kupata 5 itakuwa angavu, jirani yake iliyopata 1 itakuwa na giza, na tofauti hiyo kati ya majirani ndiyo chenga unazoziona.

Kwa hiyo karibu kila hatua inayofuata ina lengo moja, nalo ni kuisaidia Cycles ilipate dirisha. Majina ya vitufe ni yale yanayoonekana katika Blender toleo la 4.

Hatua ya kwanza: jua chenga zinatoka wapi

Zima Denoise katika Render Properties > Sampling > Render, kwa sababu kisafisha chenga kikiwashwa huwezi kuona tatizo lilipo. Kisha nenda View Layer Properties > Passes > Light, na kwenye safu ya Diffuse washa Direct na Indirect. Fanya hivyo pia kwenye Glossy. Renda picha kwa sampuli 64 tu, halafu katika dirisha la picha chagua tabaka moja baada ya jingine na kulitazama peke yake. Usipoteze muda kwa kurenda picha nzima. Ukiwa unatazama kupitia kamera, bonyeza Ctrl+B na uzungushe kisanduku kwenye sehemu mbaya zaidi, ambayo kwa kawaida ni kona ya nyuma au chini ya meza.

Diffuse Direct inaonyesha mwanga uliofika kwenye nyuso za chumba moja kwa moja kutoka angani au kwenye jua. Katika chumba chetu unapaswa kuona doa la jua sakafuni lenye kingo kali, na mwanga laini wa anga unaofifia kadiri unavyoelekea ukuta wa nyuma. Ukiona tabaka hili lina chenga, tatizo ni dirisha na anga. Likiwa safi lakini Diffuse Indirect imejaa chenga, tatizo ni midundo ya mwanga ndani ya chumba. Glossy Indirect ikiwa na nukta kali zilizotapakaa kama vimulimuli, tatizo ni vitu vinavyong'aa.

Kuna hali ya nne, na ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi zaidi ninapofungua faili za wenzangu: Diffuse Direct ni nyeusi tupu, hakuna hata doa la jua, ilhali picha kamili ina mwanga. Hiyo ina maana kwamba kuna kitu kimeziba dirisha.

Hatua ya pili: kioo cha dirisha

Kitu hicho, mara nyingi, ni kioo chenyewe. Kwa macho yetu kioo kinapitisha mwanga, lakini kwa mwale wa kivuli wa Cycles, kioo kilichotengenezwa kwa Glass BSDF au kwa Principled BSDF yenye Transmission ni sawa na ukuta, kwa kuwa mwale wa kivuli huenda njia iliyonyooka na kioo kinapindisha mwanga. Mwanga unabaki na njia moja tu ya kuingia: mwale uliodunda sakafuni utokee kwa bahati kugonga kioo, upite ukipinda, kisha utokee kwa bahati kuligonga jua. Jua ni dogo sana angani, hivyo bahati hiyo huja mara chache mno, na inapokuja huja na nguvu kubwa. Ndipo vinapozaliwa vimulimuli ambavyo hata sampuli 10,000 hazivimalizi.

Ikiwa kamera hailitazami dirisha, na hakuna kitu chumbani kinachoakisi kioo hicho, kifute. Hakuna atakayejua. Ikiwa kinaonekana, kichague, nenda Object Properties > Visibility > Ray Visibility, kisha uondoe alama kwenye Shadow na Diffuse. Camera, Glossy na Transmission ziache zilivyo. Kamera itaendelea kuona kioo pamoja na mng'ao wake, lakini miale ya kivuli na miale iliyodunda kwenye kuta itapita kana kwamba pale hapana kitu. Ondoa zote mbili, si Shadow peke yake. Ukiiacha Diffuse, mwanga uleule unaweza kuhesabiwa kupitia njia mbili, ya kunyooka na ya kupita ndani ya kioo, na vimulimuli vitabaki.

Jengo likiwa na madirisha mengi, chagua vioo vyote na uendeshe mistari hii katika Text Editor:

```python
import bpy

for ob in bpy.context.selected_objects:
    ob.visible_shadow = False
    ob.visible_diffuse = False
```

Renda tena sampuli 64 na uitazame Diffuse Direct. Doa la jua likitokea sakafuni, umeondoa sehemu kubwa ya tatizo. Lisipotokea, tafuta kizuizi kingine, na mara nyingi kitakuwa pazia.

Pazia jepesi lililotengenezwa kwa Translucent BSDF peke yake nalo huzuia miale ya kivuli. Linapokea mwanga kwa upande wa nje, linautawanya, na chumba kizima kinabaki kuangazwa na mwanga wa mdundo. Changanya shader yake na Transparent BSDF kupitia Mix Shader, ukianza na kiasi cha 0.3 hadi 0.5 upande wa Transparent, kwa kuwa miale ya kivuli huweza kuipenya Transparent. Kitambaa kitaonekana chepesi zaidi, jambo linalopendeza kwenye pazia la wavu. Pazia zito halina njia ya mkato ya namna hii. Kwa hilo utategemea mbinu za mwanga wa midundo nitakazozieleza mbele.

Hatua ya tatu: weka Portal kwenye kila uwazi

Sasa dirisha liko wazi, lakini Cycles bado haijui lilipo. Portal ndiyo inayoiambia. Ni taa ya aina ya Area isiyotoa mwanga wowote. Kazi yake ni kuiongoza miale ya kivuli inayolenga anga ili ipite katika mstatili wa dirisha badala ya kutawanyika ukutani.

Ongeza taa ya Area, chagua Shape kuwa Rectangle, na uipe ukubwa wa uwazi wenyewe: Size X 1.4 m na Size Y 1.2 m. Ielekeze ndani ya chumba, kisha katika sehemu ya mipangilio ya taa weka alama kwenye Portal. Mwelekeo ndio unaowakosesha wengi. Taa ya Area huonyesha mstari mfupi unaotoka katikati yake, na mstari huo lazima uelekee chumbani. Ukielekea nje, hutaona onyo lolote. Chenga tu zitabaki zilivyokuwa.

Mahali pa kuiweka pia pana maana. Ukuta una unene, tuseme sentimita 20, na Portal inaweza kukaa upande wa ndani au wa nje wa unene huo. Iweke upande wa nje, ikigusana na uso wa nje wa ukuta. Portal inasaidia nukta zilizo mbele yake tu. Ukiiweka upande wa ndani, kizingiti cha dirisha na mbavu zake zitabaki nyuma yake, nazo ndizo zinazopata mwanga mwingi kuliko sehemu yoyote na ndizo jicho linazozitazama kwanza.

Portal moja kwa kila uwazi inatosha. Madirisha mawili yaliyotenganishwa na fremu nyembamba unaweza kuyafunika kwa moja, lakini usinyooshe moja ifunike ukuta mpana ulio kati ya madirisha, maana miale itaupiga ukuta huo bure. Kumbuka pia uwazi usioukusudia, kama mlango ulio wazi au tundu la dari lililo nyuma ya kamera. Kila sampuli huwa nzito kidogo Portal ikiwepo, kwa hiyo linganisha picha kwa muda uliotumika, usilinganishe kwa idadi ya sampuli. Kwa chumba kama hiki chetu faida ni wazi. Kwa ukumbi wenye ukuta mzima wa kioo faida ni ndogo, kwani miale ilikuwa inatoka nje kwa urahisi tangu mwanzo.

Hatua ya nne: tenganisha jua na anga

Portal inajua dirisha lilipo, lakini haijui ni wapi angani kuna mwanga mkali zaidi. Ukitumia picha ya HDRI yenye jua ndani yake, Cycles inalazimika kugawa juhudi zake kati ya kulenga dirisha na kulilenga jua lililo ndani ya picha. Ni rahisi kuipunguzia mzigo huo. Katika Sky Texture ondoa alama ya Sun Disc, kisha weka taa ya aina ya Sun yenye mwelekeo uleule. Cycles inajua hasa taa ya Sun iko upande gani, hivyo mwale mmoja wa kivuli unatosha kuamua kama nukta ina jua au iko kivulini. Jua halisi huonekana likiwa na upana wa takriban nusu digrii, basi Angle ya 0.53 itakupa kingo za kivuli za kuaminika.

Kwa HDRI, pitisha rangi kutoka Environment Texture katika node ya Vector Math iliyowekwa Minimum, na upande wa pili uandike 10 katika nafasi zote tatu, kabla ya kuiunganisha na Background. Jua lililomo katika picha litakatwa na kubaki doa la kawaida, nawe utalirudisha kwa taa ya Sun.

Hatua ya tano: mwanga wa midundo

Sasa tazama Diffuse Indirect. Katika chumba chetu jua linatua sakafuni kama doa la karibu mita moja ya mraba, na doa hilo ndilo linaloangaza dari na kuta. Kwa Cycles, doa hilo si taa. Haiwezi kulirushia mwale wa kivuli. Inalipata tu pale mwale unapodunda darini na kulikuta kwa bahati. Tatizo la dirisha limehamia sakafuni, na safari hii Portal haina msaada.

Ikiwa unarenda kwa CPU, dawa yake ni Path Guiding, iliyoko katika Render Properties > Sampling. Ilianza katika Blender 3.4, na inafanya kazi kwa CPU tu. Programu hutumia sampuli za mwanzo, ambazo kwa kawaida ni 128, kujifunza mwanga mwingi unatoka upande gani kwa kila eneo la chumba, kisha huelekeza midundo inayofuata huko. Kwa doa la jua sakafuni na kwa chumba kilichofungwa pazia zito, tofauti huonekana vizuri. Kwa kuwa inahitaji kujifunza kwanza, usiipime kwa sampuli 64. Ipe angalau 300 ndipo uihukumu.

Anayetumia GPU hana chombo hicho, lakini bado ana rangi za kuta mkononi. Ukuta uliopewa rangi nyeupe kamili ya 1.0 haupotezi mwanga wowote, kwa hiyo mwanga huendelea kudunda na kila mdundo unaongeza kutokuwa na uhakika. Rangi nyeupe ya kawaida ya ukutani hurudisha takriban asilimia 80 ya mwanga. Ukiweka Base Color yenye Value ya 0.8, baada ya midundo 10 kinachobaki ni kama asilimia 11. Ukiweka 0.95, kinabaki karibu asilimia 60. Hivyo kuta zilizozidishwa weupe hukuletea chenga, na pia huondoa vivuli laini vya kwenye kona vinavyofanya chumba kionekane cha kweli.

Idadi ya midundo yenyewe iko katika Light Paths > Max Bounces. Diffuse huja ikiwa 4, na kwa chumba hiki inatosha. Kwa korido ndefu au chumba kilichojikunja ipandishe hadi 6 au 8. Kuishusha hadi 1 au 2 hupunguza chenga kweli, lakini kona hufa kwa giza, na mtu akijaribu kuliondoa giza hilo baadaye kwa kupandisha mwangaza, chenga hurudi.

Hatua ya sita: vimulimuli vilivyobaki

Bomba la maji linalong'aa, glasi mezani na fremu ya chuma huakisi doa la jua ukutani kwa njia ambayo Cycles huipata mara chache. Katika Light Paths > Caustics ondoa alama kwenye Reflective na Refractive. Fanya hivi baada tu ya kumaliza hatua ya pili. Ukizima Refractive huku kioo cha dirisha bado kinazuia miale, chumba kitakuwa giza tupu, maana utakuwa umeifunga njia pekee ambayo mwanga ulikuwa unaingilia.

Kisha kuna Clamping. Indirect Light huja ikiwa 10, na maana yake ni kwamba mchango wa sampuli moja ya mdundo ukizidi kiwango hicho, ziada inatupwa. Lakini kiwango hicho kinapimwa kabla ya Exposure. Mtu anayetumia Sky Texture yenye nguvu kubwa, kisha akashusha Exposure katika Color Management ili picha isiungue, ana chumba ambacho mwanga wake wa kawaida unaweza kuvuka 10, na Clamp itakuwa inaukata mwanga halali. Dalili yake ni dari iliyofifia isivyo kawaida. Jipime hivi: renda kisanduku kidogo cha dari Clamp ikiwa 0, yaani imezimwa, kisha ukirende tena ikiwa 10. Kama vimulimuli tu ndivyo vilivyotoweka, iache. Kama dari nzima imeingia giza, punguza Strength ya anga na ya jua kwa uwiano uleule, na urudishe Exposure karibu na 0. Direct Light iache 0.

Hatua ya saba: sampuli, na kisafisha chenga mwisho kabisa

Noise Threshold ni kiwango cha chenga ambacho pikseli ikikifikia Cycles huacha kuirushia sampuli zaidi. 0.01 ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini chumba chenye giza huweza kuidanganya. Pikseli iliyo chini ya meza, ambayo sampuli zake za mwanzo zote zililikosa dirisha, huonekana nyeusi na tulivu, na programu huiacha ikidhani imemaliza. Utaona vipande vyeusi vyenye madoa katikati ya eneo safi. Panga Min Samples kuwa 128 ili kila pikseli ipewe nafasi ya kutosha kabla ya kuhukumiwa. Max Samples ya 1,000 hadi 2,000 kwa kawaida inatosha chumba kilichopitia hatua zilizotangulia.

Hapo ndipo uwashe Denoise. Chagua OpenImageDenoise, Passes iwe Albedo and Normal, na Prefilter iwe Accurate. Kipimo changu cha utayari ni cha macho: naitazama picha isiyosafishwa kwa ukubwa wake halisi, na kama naweza kuona mishipa ya mbao za meza na mishono ya vigae katikati ya chenga, kisafishaji nacho kitaiona. Kama siioni, kitabuni. Matokeo ya kubuni hutambulika kwenye kona ya dari, ambako kivuli laini hugeuka mabaka kama rangi iliyopakwa kwa brashi yenye maji, na kwenye pazia, ambalo nyuzi zake hutoweka. Katika video mabaka hayo hubadilika kutoka fremu moja hadi nyingine na ukuta huonekana ukitambaa. Picha ya video inahitaji Noise Threshold ndogo kuliko picha moja, hata kama kila fremu ikitazamwa peke yake inaonekana safi.

Mabaka yakitokea, usiongeze sampuli mara moja. Zima Denoise, rudi kwenye Diffuse Direct na Diffuse Indirect ukiwa na kisanduku kwenye kona hiyohiyo, na uangalie ni lipi kati ya matabaka hayo mawili bado lina chenga.